Kila Mtu Achuje Upande Wake

Yapo makosa ya ofisini ambayo ukiyatafutia mkosaji humpati. Leo nataka tulizungumzie moja la namna hiyo. Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo kilichoko wilayani Mkuranga, chenye wakopaji katika kata tatu: Vikindu, Mwandege na Kisiju. Chama chenyewe ni cha kufikirika, lakini kazi zake ni zile zile za SACCOS yoyote. Mikopo yote imeandikwa katika lahajedwali moja la Google Sheets. Safu A ni namba ya mkopo, B jina la mkopaji, C kata, D kiasi alichokopa, E salio, F tarehe ya rejesho. Wanaoandika humo ni watatu: mhasibu, karani na afisa mikopo wa Kisiju. Asubuhi moja afisa anataka kuwaona watu wa kata yake peke yao kabla hajapanda pikipiki kwenda kuwafuatilia. Anabonyeza alama ya kichujio, anachagua Kisiju, mistari ya kata nyingine inatoweka. Wakati huo huo mhasibu, akiwa chumba cha pili, ameshika stakabadhi ya mwanachama wa Vikindu. Anapandisha na kushusha ukurasa akilitafuta jina lile, halioni. Anaamini mkopo haukuwahi kuingizwa, basi anaongeza mstari mpya chini. Jioni afisa anaondoa kichujio chake, na mwanachama yule sasa ana mikopo miwili kwenye vitabu. Afisa alifanya kazi yake, mhasibu alifanya kazi yake, na daftari limeharibika.

Ili tuelewe kwa nini ilikuwa hivyo, tuangalie kichujio cha kawaida kinafanya nini hasa. Unapokwenda kwenye menyu ya `Data` ukachagua `Create a filter`, hutoi amri kwa kioo chako peke yake. Unaandika mpangilio ndani ya laha lenyewe, na laha ni la wote. Google Sheets hutunza kichujio cha kawaida kimoja tu kwa kila laha, kwa hiyo haiwezekani mhasibu awe na chake na afisa awe na chake katika laha moja kwa wakati mmoja. Atakayebonyeza wa mwisho ndiye anayeamua wengine waone nini. Ni sawa na watu watatu kusoma daftari moja mezani, kisha mmoja akafunika nusu ya ukurasa kwa kiganja ili asome vizuri mistari inayomhusu: yeye amerahisishiwa, wenzake wamezibiwa. Kupanga mistari kwa kichujio hicho kuna uzito zaidi kuliko kuficha. Karani akipanga laha kwa alfabeti ya majina, mistari inahama kweli kweli, na mtu aliyekuwa ameambiwa kwa simu "angalia mstari wa 48" atakuta hapo jina la mtu mwingine kabisa. Kilichofichwa kinarudi kichujio kikiondolewa, lakini mpangilio wa awali haurudi wenyewe. Kama hakuna safu ya namba za mikopo ya kupangia upya, itabidi kutendua hatua kwa hatua au kuchimba katika historia ya matoleo.

Watu wengi huuchukulia mgongano huu kama kero ya kawaida, kitu cha kuguna na kuendelea na kazi. Mimi naona ni suala la usahihi wa hesabu, kwa sababu mstari uliofichwa na mstari usiokuwepo vinafanana machoni. Tofauti yake inajulikana kwa dalili ndogo ambazo mtu mwenye haraka hazitazami. Dalili ya kwanza ni namba za mistari pembeni kushoto: zikiruka, baada ya 2 ikaja 9, kisha 14, jua kuna mistari iliyofichwa katikati. Ya pili ni jumla. Kanuni ya `SUM` hujumlisha seli zote za safu, zinazoonekana na zisizoonekana. Kwa hiyo mhasibu anaweza kuwa na mistari ya Kisiju tu mbele yake, yenye salio la shilingi 26,800,000, huku seli ya jumla ikisoma 96,950,000. Akizijumlisha kwa kikokotoo zile anazoziona, atapata hesabu isiyolingana na ya mashine, na ataanza kuishuku kanuni. Kanuni haina kosa hata kidogo. Kilichopo ni mistari iliyoondolewa machoni pake na mtu ambaye hata hajui kwamba ameiondoa.

Hoja yangu basi ni hii. Katika laha la pamoja kuna vitendo viwili ambavyo havipaswi kuchanganywa: kuandika na kutazama. Kuandika ni kwa ajili ya wote. Salio la mwanachama likibadilika, kila mtu anatakiwa alione limebadilika. Kutazama ni shughuli ya mtu mmoja na swali lake la wakati huo. Afisa anauliza "nani wa Kisiju anadaiwa?", mhasibu anauliza "stakabadhi hii ni ya mkopo gani?", na maswali hayo mawili hayana sababu ya kugombana. Kichujio cha kawaida kinakichukua kitendo cha kutazama na kukifanya kitendo cha kuandika, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Google walipozindua huduma yao ya lahajedwali mwaka 2006, watu wengi kuingia kwenye laha moja kwa wakati mmoja ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa. Ilipofika Desemba 2013, walipotoa toleo jipya la Google Sheets, ndipo walipoingiza kile tunachoweza kukiita mwonekano wa kichujio. Huu ni uchujaji unaohifadhiwa kwa jina, unaoweza kuwa mwingi kadiri mnavyohitaji, na unaomhusu yule aliyeufungua tu. Wenzake waliomo ndani ya laha lile lile wakati huo huo hawaoni chochote kikisogea.

Namna ya kuutengeneza ni nyepesi, lakini kuna sehemu mbili za kuwa makini. Afisa wetu, akiwa kwenye kompyuta, anabofya seli yoyote ndani ya jedwali, anakwenda kwenye `Data`, anachagua `Create filter view`. Kingo za laha, yaani pale penye herufi za safu na namba za mistari, zinageuka rangi nyeusi au kijivu kilichoiva. Giza hilo ndilo la kulizoea, maana ndilo linalokuambia kwamba sasa uko katika mwonekano wako na si katika laha la wote. Sehemu ya kwanza ya umakini ni jina. Mfumo utaupa jina lake wenyewe, nalo halimwambii mtu lolote, basi mara moja uandikwe "Kisiju – afisa". Ya pili ni eneo linalochujwa. Likiishia mstari wa 213 kwa sababu leo mikopo inaishia hapo, mikopo ya mwezi ujao inaweza kukaa nje ya uchujaji. Weka `A1:F1000`, eneo pana kuliko data mliyonayo. Baada ya hapo anabonyeza kishale kwenye kichwa cha safu ya kata, anachagua `Filter by condition`, kisha `Text is exactly`, anaandika Kisiju. Katika safu ya salio anaweka sharti la kubwa kuliko sifuri. Katika safu ya tarehe anachagua `Date is before` na `today`. Sasa ana orodha ya watu wa Kisiju waliochelewesha rejesho na bado wana deni. Sharti la tarehe linafuata kalenda, hivyo kesho hatahitaji kuliandika upya. Akiona kitufe cha `Save view`, akibonyeze, kisha afunge kwa alama ya X iliyoko juu kulia. Siku nyingine ataukuta mwonekano wake katika menyu ile ile ya `Data`.

Kuna faida nyingine inayotoka hapo ambayo watu wengi hawaitumii. Mwonekano ukiwa wazi, anwani iliyoko juu ya kivinjari inabeba alama ya `fvid` ikifuatiwa na namba, na namba hiyo ni ya mwonekano ule pekee. Ukiinakili anwani hiyo ukamtumia mwenzako mwenye ruhusa, anafungua laha likiwa tayari limechujwa vile ulivyolichuja. Mhasibu anayetaka karani ahakiki mikopo ya Mwandege hana haja ya kumwandikia maelekezo marefu ya abonyeze wapi na achague nini. Anamtumia anwani, basi. Na wale waliopewa ruhusa ya kusoma tu, tuseme wajumbe wa kamati ya usimamizi ya chama, hawakuachwa nyuma. Wanaweza kufungua mwonekano wa muda, wakachuja na kupanga wanavyotaka, na wakifunga ukurasa unapotea bila kuacha alama kwenye laha. Kwa kichujio cha kawaida mjumbe huyo alikuwa na njia mbili tu: aombe apewe ruhusa ya kuhariri, jambo ambalo mkaguzi hapaswi kuwa nalo, au apakue nakala na kuanza kusoma hesabu ambazo kesho zitakuwa zimepitwa.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kutoelewana kwingi. Mwonekano wa kichujio unabagua kutazama, haubagui kuandika. Afisa akiwa ndani ya mwonekano wake wa Kisiju akabadilisha salio la mwanachama kutoka 300,000 hadi 250,000, amelibadilisha kwa wote, papo hapo. Akifuta mstari, amefuta mkopo wenyewe, hakuuondoa kwenye orodha yake tu. Akiongeza safu, wote wataiona. Kuficha safu pia si sehemu ya mwonekano: ukiificha safu ya tarehe ili kioo kikutoshe, umeificha kwa kila mtu. Nako kupanga mistari kufanywe kwa kishale cha kichwa cha safu ndani ya mwonekano, kwani huko mpangilio ni wako. Amri ya kupanga iliyoko kwenye menyu ya `Data` ni ya laha, na kazi yake ni kuhamisha mistari. Kwa hiyo mtu aliyeko kwenye giza lile la pembeni asidhani yuko kwenye nakala yake ya mazoezi. Yuko kwenye daftari halisi, ila anasoma kurasa alizochagua.

Sasa tuyajibu mapingamizi, na la kwanza ni la watu wa kazi wasiopenda mambo mengi. Wanasema: sisi ni watatu tu, tuna kundi la WhatsApp, nikitaka kuchuja nitawaambia wenzangu "nachuja dakika tano". Siwezi kusema kwamba mazungumzo hayafai. Lakini tazama makubaliano hayo yanamdai mtu nini. Yanataka kila mmoja aombe ruhusa ya kutazama, na kila mwingine asimamishe kazi mpaka aambiwe "tayari". Yanataka pia mtu akumbuke kuondoa kichujio, na kukumbuka ndiko kunakoshindikana: simu inalia, mwanachama anaingia mlangoni, kompyuta inafungwa, na kichujio kinabaki ndani ya laha usiku kucha kikiwasubiri wa kesho. Makubaliano ya mdomo yana nguvu pale ambapo chombo hakina njia nyingine. Chombo kikiwa nayo, kuendelea kupeana zamu za kutazama ni kujibebesha mzigo ambao umeshatuliwa. Tena kadiri daftari linavyokuwa na shughuli nyingi, mwisho wa mwezi kwa mfano, ndivyo zamu hizo zinavyozidi kuvunjika, na mwisho wa mwezi ndio wakati ambao kosa lina gharama.

Pingamizi la pili lina akili zaidi: kwa nini kila kata isipewe laha lake ndani ya faili lile lile, Kisiju mbali, Vikindu mbali, Mwandege mbali? Inavutia kwa sababu inaonekana safi. Lakini mkishakata daftari vipande vitatu, swali lolote linalohusu chama kizima linageuka kazi ya kuunganisha, na mwanachama akihama kutoka Vikindu kwenda Mwandege lazima mtu akate mstari huku na kuubandika kule. Siku moja ataubandika asiukate. Wengine wanajibu kwamba wataacha laha moja kuu, na maafisa wasome kwenye laha za pembeni zinazojazwa na kanuni kama hii:

```
=FILTER(Mikopo!A2:F, Mikopo!C2:C="Kisiju")
```

Kanuni hiyo ni nzuri kwa kusoma na kwa kuchapisha, nami siipingi inapotumika hivyo. Udhaifu wake uko wazi siku afisa atakapotaka kuandika. Anachokiona ni matokeo ya kanuni. Akiandika salio jipya juu ya mojawapo ya seli hizo, kanuni inakosa nafasi ya kujimwaga na kutoa alama ya `#REF!`, na orodha yote inatoweka. Akiandika maelezo kwenye safu ya pembeni, maelezo yatakaa mstari ule ule hata majina yatakapopanda au kushuka baada ya mkopo mpya kuingia, na hivyo "ameahidi kulipa Ijumaa" itajikuta imesimama mbele ya mtu ambaye hakuahidi lolote. Mwonekano wa kichujio hauna tatizo hilo, kwa kuwa mstari unaouona ndio mstari wenyewe, na unachoandika kinaambatana nao popote uendapo.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu linagusa hatari ambayo mwonekano wenyewe unaizaa. Ikiwa kila mtu anatazama sehemu yake, nani anatazama mahali ambapo sehemu hizo hazikufika? Tuseme karani, akiwa na haraka, ameandika kata ya mkopaji mmoja "Kisju" badala ya "Kisiju". Mwonekano wa afisa unataka neno Kisiju lilivyo, basi mstari huo hautokei kwake. Hautokei katika mwonekano wa Vikindu wala wa Mwandege. Mkopo upo, salio lipo, tarehe imepita, na hakuna mfuatiliaji hata mmoja anayeuona. Katika kichujio cha kawaida kosa hili lingewezekana pia, lakini kwa kuwa wote walikuwa wakirudi kwenye laha zima mara kwa mara, mtu angeweza kuligundua kwa bahati. Mkishagawana macho, bahati hiyo inapungua, na lazima pawe na kitu kingine mahali pake.

Kitu hicho ni hesabu ndogo iliyokaa katika laha tofauti, isiyotegemea kichujio cha mtu yeyote. Kwa kila kata unaandika kanuni ya kujumlisha kwa sharti, na chini yake jumla ya masalio yote:

```
=SUMIF(Mikopo!C2:C,"Kisiju",Mikopo!E2:E)
=SUM(Mikopo!E2:E)
```

Katika mfano wetu Vikindu inatoa shilingi 38,500,000, Mwandege 31,200,000 na Kisiju 26,800,000. Zote tatu pamoja ni 96,500,000. Lakini jumla ya safu nzima inasoma 96,950,000. Tofauti ni 450,000, na tofauti hiyo ina maana moja tu: kuna salio ambalo halina kata inayotambulika. Kulipata, mhasibu anatengeneza mwonekano mmoja zaidi na kuuita "Mabaki". Katika safu ya kata anachagua sharti la `Custom formula is` na kuandika:

```
=AND($A2<>"",$C2<>"Vikindu",$C2<>"Mwandege",$C2<>"Kisiju")
```

Yaani, nionyeshe kila mstari wenye namba ya mkopo ambao kata yake si mojawapo ya hizi tatu. Mkopo wa "Kisju" unajitokeza, unasahihishwa, na tofauti inakuwa sifuri. Ili kosa lisirudi, safu ya kata iwekewe orodha ya kuchagua kupitia `Data validation`, na aina nyingine zikataliwe, ili mtu achague jina badala ya kuliandika kwa mkono. Utaona, msikilizaji, kwamba pingamizi hili halikuvunja hoja, limeikamilisha. Kugawana kutazama kunafaa pale ambapo yupo mmoja mwenye jukumu la kutazama masalia, na pale ambapo jumla zinatoka kwenye kanuni isiyojali nani amechuja nini.

Lipo jambo moja ambalo mwonekano haufai kulifanya, na watu hulitumaini: kuficha siri. Mtu anamtumia mwanachama anwani ya mwonekano wenye mstari wake peke yake, akiamini kwamba mwanachama ataona mkopo wake tu. Siyo hivyo. Anwani inafungua laha lile lile, na anayelifungua anaweza kuufunga mwonekano kwa bonyezo moja na kukutana na madeni ya majirani zake wote. Mwonekano unapunguza kinachoonekana kwa mtu ambaye tayari ameruhusiwa kuona vyote. Haumnyimi mtu chochote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha ya wadaiwa yenye majina na kiasi ni taarifa binafsi kwa maana yoyote utakayoitazama. Anayetakiwa kuona sehemu tu apewe faili jingine lenye sehemu hiyo tu. Vivyo hivyo wenye ruhusa ya kuhariri waelewe kwamba mionekano iliyohifadhiwa inaonekana katika menyu ya kila mmoja wao, na mwenzako anaweza kuubadilisha au kuufuta wa kwako. Kwa sababu hiyo nasisitiza majina. Menyu yenye "Filter 1" hadi "Filter 17" inamtia mtu tamaa ya kufagia, na atakachofagia kinaweza kuwa chombo cha kazi cha mwingine. Mwenye kutaka kujaribu sharti jipya anakili mwonekano uliopo kwa `Duplicate`, auchezee ule wa nakala, kisha aufute akimaliza.

Tusiwasahau wanaofanya kazi kwa simu, maana ndio wengi. Programu ya Google Sheets ya simu inamruhusu mtu kuweka kichujio cha kawaida, na athari yake ni ile ile: afisa aliyeko Kisiju akichuja kwenye simu yake, mhasibu aliyeko ofisini anapoteza mistari. Kutengeneza mionekano kunafanyika vizuri kwenye kompyuta, hivyo busara ni kuiandaa yote ofisini kabla watu hawajatawanyika, na anayekwenda mitaani kusoma orodha tu apewe ruhusa ya kusoma ili asiweze kuwachujia wengine. Na kwa ofisi zinazotumia Excel ya Microsoft, wazo hili lipo pia kwa jina la `Sheet View`, ndani ya menyu ya `View`, na lilianza kuwafikia watumiaji mwaka 2020. Faili lazima liwe limehifadhiwa OneDrive au SharePoint. Huko, ukichuja wakati wenzako wamo ndani, Excel yenyewe inakuuliza kama unataka kuona chako tu au cha wote. Swali hilo dogo ni ushahidi mzuri kwa hoja yangu: waliotengeneza Excel nao wamekubali kwamba kuchuja kwa ajili yako na kuchuja kwa ajili ya wote ni vitu viwili, na mtu anapaswa kuchagua akijua.

Nikiwashauri wale watatu wa chama chetu cha mfano, nisingewapa kanuni ndefu. Kichujio cha kawaida kisitumike kabisa katika laha la mikopo. Atakayekikuta akiondoe na kuwaarifu wenzake. Kila mfuatiliaji awe na mwonekano wake wenye jina lake la kazi, unaofika mbali kuliko mstari wa mwisho wa leo. Mhasibu awe na mwonekano wa mabaki, aufungue kila anapofunga siku, na tofauti ya jumla ikiwa si sifuri asiondoke bila kujua ni ya nani. Mistari yenyewe ikae kwa utaratibu wa namba za mikopo, na watu wakitajiana mkopo wataje namba hiyo, si namba ya mstari. Wakifanya hivyo, siku mhasibu asipoliona jina katika laha zima, atakuwa na haki ya kusema halipo.